Mtihani wangu wa kwanza wa sheria baada ya miaka 13: nilichokosea kwenye swali la bajaji

"Nina miaka 38, watoto wawili, kazini natoka saa kumi na moja. Nimeanza shahada ya sheria masomo ya jioni, na mtihani wa kwanza, Mikataba, ni wiki tatu zijazo. Mara ya mwisho kukaa kwenye chumba cha mtihani ilikuwa 2011. Nasoma usiku lakini asubuhi sikumbuki hata jina la kesi moja. Mliopita huku mlijiandaaje?"

Dada, mimi nilikuwa na 36 na watoto watatu, mdogo hajaanza hata chekechea. Nilikuwa nimekaa miaka 13 bila mtihani wowote. Na mimi nilidhani tatizo langu ni kumbukumbu. Nikatengeneza vikadi, kesi moja kila kadi, nikawa navisoma kwenye daladala kutoka Posta hadi Mbagala. Kufikia siku ya mtihani nilikuwa na kesi kama 40 kichwani. Zikaniponza, na nitakueleza zilivyoniponza.

Swali la kwanza lilikuwa la lazima. Sina karatasi tena, nalisimulia kwa namna yangu. Jumatatu muuzaji anamwandikia Asha ujumbe: nauza bajaji, milioni 6 taslimu, nakusubiri mpaka Ijumaa. Jumanne Asha anajibu: "Unaweza kupokea kwa awamu mbili? Kama haiwezekani niambie." Muuzaji kimya. Jumatano anamuuzia mtu mwingine, hasemi kitu. Alhamisi asubuhi Asha anaandika: "Nachukua, milioni 6 taslimu." Mchana ndipo anasikia imeshauzwa. Mshauri Asha.

Nilivyoona tu mnunuzi anajadili malipo, kadi ya Hyde dhidi ya Wrench ikaniruka kichwani. Utaikuta, ni ya 1840: mtu anauza shamba kwa pauni 1,000, mnunuzi anasema 950, muuzaji anakataa, mnunuzi anarudi kusema basi nachukua kwa 1,000. Mahakama ikasema amechelewa, ile 950 ilikuwa kaunta-ofa na ilishaiua ofa ya kwanza. Nikaandika kurasa tatu kwa raha zangu. Asha ameua ofa mwenyewe, hana mkataba, arudi nyumbani.

Wiki moja baadaye mhadhiri alipopitia swali darasani nilitamani kuingia chini ya dawati. Asha hakutaja bei nyingine. Aliuliza. Kuuliza kama inawezekana si kukataa, na kesi yake ilikuwa kwenye kadi nyingine niliyokuwa nayo mkobani siku hiyo hiyo: Stevenson dhidi ya McLean, 1880. Pale muuzaji wa chuma alitaka shilingi 40 kwa tani, wanunuzi wakamuuliza kwa telegramu kama atakubali kuwapelekea mzigo ndani ya miezi miwili. Mahakama ikasema hilo ni swali tu, ofa bado hai. Maneno "kama haiwezekani niambie" yaliwekwa makusudi na mtunga mtihani ili uone Asha hajaipa mgongo ile milioni 6.

Kwa hiyo hicho vikadi haviwezi kukufundisha. Kesi zote mbili nilikuwa nazijua. Nilichokosa ni kusoma maneno ya Asha polepole kabla ya kufungua mdomo. Mtunga swali la sheria hapotezi sentensi. Kila siku ya juma na kila neno la kwenye nukuu lina alama zake. Siku hizi nasoma swali mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, napiga mstari chini ya kila tarehe na kila kauli, na pembeni naandika "kwa nini ipo?"

Jibu zuri lingekuwa hivi. Hoja ya kwanza, je ujumbe wa Jumanne uliua ofa? Unaanza na kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwamba kukubali lazima kuwe kamili bila masharti, halafu ndiyo unaleta kesi mbili na kusema Asha anaangukia ipi na kwa maneno yake yapi. (Kifungu kwanza, kesi baadaye. Tunapenda kesi za Waingereza kwa sababu zina hadithi, lakini sheria yetu imeandikwa, na msahihishaji anaitafuta hiyo.) Hoja ya pili, je kule kumuuzia mwingine Jumatano kulifuta ofa? Ile ahadi ya kusubiri mpaka Ijumaa haikumfunga muuzaji, maana Asha hakulipia chochote ili asubiriwe. Angeweza kufuta muda wowote kabla ya Asha kukubali. Ila kufuta ni mpaka taarifa imfikie mwenzako, na yeye alinyamaza. Basi Alhamisi asubuhi Asha alikubali ofa iliyokuwa hai, mkataba upo, na kwa kuwa bajaji imeshaenda kwa mtu mwingine, anachodai kwa kawaida ni fidia.

Hoja ya pili mimi sikuigusa kabisa. Nilishamzika Asha Jumanne, Jumatano ingenihusu nini? Hili ni kosa jingine la kuangalia: ukifika hitimisho mapema na hadithi bado inaendelea, ujue umepotea. Na hata ukiwa na uhakika, andika "iwapo mahakama itaona vinginevyo" na uendelee na hoja inayofuata. Alama zake hazipotei.

La pili lililoniumiza ni muda. Saa tatu, maswali manne, kila moja alama 15. Simu haziingii, na saa ya ukutani mle ukumbini ilikuwa imesimama. Nilipomuuliza msimamizi nikakuta nimetumia dakika 70 kwa Asha peke yake. Swali la nne niliandika nusu ukurasa. Piga hesabu mwenyewe: toa dakika 15 za kusoma na 5 za kupitia, inabaki 40 kwa kila swali. Ikifika 40 unaacha nafasi na kuhama hata kama sentensi haijaisha, kwa sababu alama tano za kwanza za swali jipya ni rahisi kuliko moja ya mwisho ya hili. Nenda na saa ya mkono.

Halafu mkono. Hakuna aliyeniambia hili. Ofisini nachapa, nyumbani natuma ujumbe, nilikuwa sijaandika kurasa mfululizo tangu chuo cha kwanza. Ukurasa wa sita kidole gumba kiliganda, nikawa nashika kalamu kama mtoto wa chekechea, na binti wa miaka 21 pembeni yangu anaomba karatasi ya ziada. Kwa wiki tatu ulizo nazo, acha kusoma kila usiku. Usiku nne kwa wiki, watoto wakilala, chukua swali moja la mtihani wa zamani, weka saa dakika 40, andika kwa kalamu bila daftari. Mimi nilihamishia saa kumi alfajiri kwa sababu usiku nilikuwa nasinzia juu ya kitabu. Asubuhi utakumbuka kesi uliyoitumia kumtetea mtu, si ile uliyoisoma tu.

Nilipata 31 kati ya 60, na 26 za majaribio ya darasani, jumla 57. Muhula uliofuata nilibeba saa.

Leo usiku jaribu hili: badilisha ujumbe wa Asha wa Jumanne uwe "Nakupa milioni 5 na nusu", mengine yabaki vilevile, uandike dakika 40. Lete hapa, nitakusomea.