Shafti inajisokota, chuma kigumu kitasaidia?

"Wakuu, shafti yangu ya mita 1, nene milimita 40, inajisokota sana nikiwasha mashine. Fundi huku Kariobangi anasema ninunue chuma kigumu zaidi. Ni kweli?"

Zii bosi, usimwage pesa. Pembe ya kujisokota ni θ = TL/GJ, T ni torki yaani nguvu ya kusokota, L ni urefu, J ni namba ya umbo na unene wa shafti, na hiyo G, yaani shia modulasi, ukaidi wa chuma dhidi ya kusokotwa, ni karibu 80 GPa iwe chuma laini ama kile kigumu, kwa hivyo kigumu kitachelewa kuvunjika, sawa, lakini pembe itabaki ile ile. Cheza na J. Shafti isiyo na tundu J = πd⁴/32, d ni unene wake, tuseme torki ni 400 Nm, yako inajisokota digrii 1.14 hivi. Sasa weka paipu ya nje 50 ndani 40, J inakuwa π(D⁴ − d⁴)/32, hapa D ni ya nje na d ya ndani, pembe inashuka hadi 0.79 na uzito ni asilimia 56 tu ya ile ya kwanza! Chuma cha katikati hakipati mkazo mkubwa na kiko karibu na mhimili, hakisaidii sana, kazi iko kule nje. Ila usichukue paipu nyembamba kama bati, hiyo itabonyea ukuta kabla hata chuma kifike mwisho wa nguvu yake.