Mfululizo kwenye picha: uwiano au ulinganisho?

Shikamoo mwalimu. Nipo Masasi. Nimekutumia picha ya swali langu, jumla ya n/(n^3+1) kuanzia n = 1. Nilitumia kigezo cha uwiano, nikapata 1, nikaandika "mfululizo unatulia". Nimekosa alama, na kitabu kinasema unatulia kweli!

Marahaba. Nimeikuza picha, na hesabu yako ni sahihi mpaka mstari wa mwisho. Uwiano wa kila namba ya mfululizo kwa ile iliyoitangulia ukikaribia namba iliyo chini ya 1, mfululizo unatulia. Ukikaribia iliyo juu ya 1, hautulii. Ukikaribia 1 yenyewe, kigezo hakisemi lolote. Tazama 1/n na 1/n^2: uwiano wa kila mmoja unakaribia 1, ila jumla ya 1/n inakua bila kikomo, na ya 1/n^2 inatulia kwenye π²/6, kama 1.645. Kwa hiyo jibu umelipatia, sababu hukuitoa, na alama zipo kwenye sababu.

Ungeandika hivi. Kwa kila n kuanzia 1, n^3+1 ni kubwa kuliko n^3, kwa hiyo

```
0 < n/(n^3+1) < n/n^3 = 1/n^2
```

Mfululizo wa 1/n^2 unatulia, basi na wetu ulio chini yake unatulia. Ile `0 <` usiiache hata siku moja: ulinganisho huu unadai namba zisiwe hasi.

Mimi wa Lindi mjini. Swali kama hilo nililipiga picha ubaoni, mwanga ukafunika kipeo. Mimi nasoma n^2+1 chini, mwenzangu n^3+1. Si zote zinatulia tu?

Hapana, na hapo ndipo wengi huteleza. Kwa kipeo 2 utaona n/(n^2+1) ni ndogo kuliko 1/n. Ni kweli, lakini haikusaidii: kuwa chini ya kitu kisichotulia hakuthibitishi chochote. Geuza upande. Kwa n kuanzia 1, n^2+1 haizidi 2n^2, hivyo

```
n/(n^2+1) >= n/(2n^2) = 1/(2n)
```

Nusu ya 1/n nayo inakua bila kikomo, na mfululizo wako upo juu yake au sawa nayo, kwa hiyo hautulii. Kipeo kimoja kimegeuza jibu lote. Muulizeni aliyeandika ubaoni kabla hamjaanza kukokotoa.

Nitajuaje nianze na kipi? Newala.

Angalia n imekaa wapi. Ikiwa kwenye kipeo, kama 2^n, au kuna n!, anza na uwiano, kwa sababu vingi vinakatana. Kwa 2^n/n! unabaki na 2/(n+1), inayokaribia 0: mfululizo unatulia. Ukiona vipeo vya kawaida vya n tu juu na chini, uwiano utakupa 1 kila mara. Nenda moja kwa moja kwenye ulinganisho.