Feni zilizonyeshewa: kwa nini zishushwe thamani?

"Feni 30 zilinyeshewa ghalani. Nilinunua 500 kila moja na bado zinauzika 520. Mkaguzi anataka nizishushe thamani, hasara iko wapi?"

Hiyo 520 huipati yote. Toa kwanza matengenezo, tuseme 60, na usafirishaji wa kumfikishia mnunuzi, 15. Kinachobaki ni 445, pungufu ya gharama kwa 55. Feni 30 zinaleta 1,650, na ni hasara ya mwaka huu kwa sababu maji yaliingia mwaka huu. Ukiziacha kwa 500, faida inavimba sasa na mwaka ujao ndio unabebeshwa mzigo.

Kuna aliyesema kwamba feni nzima zina faida ya kufidia hasara hii; yuko sahihi nusu. Faida ipo, ila hairuhusiwi kuziba pengo la hizi. Zilizoharibika zinapimwa peke yake.

Na wewe uliyeuliza kama bidhaa zilizodorora, zilizokaa muda mrefu bila kuuzika, nazo zishushwe thamani: umri pekee hautoshi. Angalia bei ulizouzia baada ya kufunga mwaka. Zikiwa chini ya gharama, shusha. Kukata asilimia ileile kwa kila kilichopitisha mwaka, wakaguzi wengine hukubali, mimi siipendi.