Jina la Kitabu Si Orodha ya Maneno

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kigoma aliniandikia hivi: "Kaka, duka limenirudishia kitabu changu cha dagaa, eti jina limejaa maneno ya utafutaji. Nikiyaondoa, wanunuzi watakionaje?" Nilipolitazama jina lenyewe, ambalo lilikuwa na neno dagaa mara nne, nilicheka kwa uchungu, kwa sababu mwaka juzi nilifanya kosa hilo hilo hapa Tabora, na aibu yake bado haijanitoka.

Kitabu changu kinahusu ufugaji wa nyuki katika misitu ya miombo. Nilipofika kwenye fomu ya duka la mtandaoni, sehemu ya jina niliijaza hivi: "Ufugaji wa Nyuki, Asali, Mizinga, Biashara ya Asali, Asali ya Tabora, Jifunze Kufuga Nyuki". Kilirudishwa siku ya tatu, kwa maelezo kwamba jina la kwenye fomu halikulingana na lile la kwenye jalada, ambalo lilikuwa "Mzinga wa Kwanza" tu. Kwa hasira nikafuta kila kitu na kuacha maneno hayo matatu, bila jina dogo la kufafanua chini yake. Duka lilikipokea, lakini katika miezi minne kilinunuliwa na watu watatu, na mmoja wao ni shemeji yangu. Kijana mmoja aliyekiona aliniuliza kama ni habari za vita, na sikuweza kumlaumu, kwa kuwa mzinga ni makao ya nyuki na ni silaha pia.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya jina dogo. Jina linaweza kubeba picha, lakini jina dogo linapaswa kumwambia mnunuzi kitabu kinahusu nini, kinamfaa nani na kinamfikisha wapi, kwa sentensi ambayo mtu angeweza kuitamka mdomoni bila kuona haya. Nililiandika hivi: "Ufugaji wa nyuki kwa anayeanza, kutoka kutundika mzinga hadi kuuza asali". Maneno makuu ya mada ya kitabu, yaani ufugaji, nyuki na asali, yamo yote, kila moja mara moja, na maana ya mzinga haina utata tena. Kisha nikalichapa jina dogo hilo kwenye jalada, neno kwa neno. Nafasi haikuwa tatizo kamwe. Duka la Amazon, kwa mfano, linaruhusu hadi herufi 200 kwa jina na jina dogo kwa pamoja, nasi tunadhani ruhusa hiyo ni amri ya kuzijaza.

Jambo lililonichelewesha zaidi linatokana na lugha yetu wenyewe. Nilipojaribu sanduku la kutafutia la duka nililotumia, "mzinga" ulileta kitabu changu lakini "mizinga" haikukileta, kwa sababu mashine ile ililinganisha herufi tu na haikujua kwamba maneno hayo ni umoja na wingi. Vivyo hivyo "ufugaji" na "kufuga". Basi usiyarundike maumbo yote katika jina. Nilipeleka "kufuga nyuki" na "mizinga ya kisasa" kwenye visanduku vya maneno ya utafutaji, ambavyo mnunuzi havioni, na maneno yaliyokwisha kuwamo katika jina sikuyarudia humo. Anayerudia anapoteza kisanduku, na ukaidi huo ninaujua kwa sababu nilikuwa nao.

Maelezo ya kitabu niliyaandika upya mara mbili. Ya kwanza yalianza kwa kusema nilikozaliwa na jinsi marehemu babu alivyorina asali kwenye mizinga ya magome, habari ninayoipenda mno, ila ukurasa wa duka huonyesha mistari michache tu kabla ya mnunuzi kulazimika kubofya ili asome zaidi, na mistari hiyo yote ilimhusu babu. Sasa yanaanza hivi: "Umetundika mzinga na nyuki hawaingii? Kitabu hiki kinakuonyesha mahali pa kuutundika, namna ya kuvutia kundi la kwanza, na jinsi ya kurina bila kuua nyuki." Aya inayofuata inataja mizinga ya magogo na ya kisasa, kwa kuwa zote mbili zina sura zake kitabuni. Neno lisilo na ukurasa ndani ya kitabu halina haki ya kukaa kwenye maelezo, hata kama linatafutwa sana. Niliwahi kuandika "nta" nikiwa na aya moja tu juu yake, na mnunuzi akanilalamikia hadharani kwa nyota mbili ambazo zipo hadi leo.

Yule wa Kigoma nilimwomba anieleze kitabu chake kama anavyomweleza jirani. Akajibu: "Namna ya kukausha dagaa msimu wa mvua wasioze." Nilimwambia aondoe "namna ya", aongeze "na kuwahifadhi", kisha amtafute aliyemchorea jalada kabla hajagusa fomu.