Maswali yenu: ukishavunja yai, mkono unaenda wapi?

Mi yai nalikaanga mpaka linakauka kabisa, sasa kunawa mikono ni kwa nini tena?

Kwa sababu moto umepita kwenye yai, mkononi haujapita. Ganda limetoka sehemu ileile kuku anapotolea kinyesi, kwa hiyo hata likionekana jeupee linaweza kuwa na salmonela na macho hayataona kitu. Chukua chipsi mayai: umevunja mayai mawili, ute umekutelezea kwenye kidole gumba, umejipangusa kwenye aproni, halafu mkono huohuo ukachota kachumbari ukaweka pembeni ya sahani. Yai limeiva vizuri tu, ila kachumbari haipikwi, kwa hiyo wadudu wote uliowabeba wanaliwa wakiwa hai, na mtu akiharisha kesho au keshokutwa, na homa juu, analaumu mayai wakati kosa lilikuwa kwenye nyanya. Kwa hiyo kata kachumbari kwanza, funika, ndo uvunje mayai. Ukimaliza kuvunja nawa hapohapo kabla hujagusa chupa ya mafuta, kopo la chumvi au simu, kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, sugua na chini ya kucha maana ute unajificha huko.

Nikinunua trei niyaoshe yote ndo niweke kwenye friji?

Hapana jamani, hapa wengi tunakosea kwa nia nzuri. Ganda lina vitundu vidogo sana na juu yake kuna utando mwembamba unaoviziba, sasa ukiosha utando unatoka, na maji yakiwa ya baridi kuliko yai uchafu unavutwa kuingia ndani. Lenye kinyesi lifute kwa kitambaa kikavu au tishu kisha uitupe, au lioshe hilo moja tu dakika unayotaka kulivunja. Lenye ufa achana nalo.

Bakuli la kukorogea nasuuza na maji tu halafu naweka saladi, kuna shida?

Ipo. Pitisha kidole ukingoni ulipogongea mayai, utasikia kautando kamekauka kanakwaruza kama gundi, maji matupu hayakatoi. Anza na maji ya baridi maana ya moto yanaugandisha ute, halafu sabuni na maji ya moto, sugua ukingo na uma katikati ya meno, suuza, liache likauke lenyewe. Usilikaushe kwa kile kitambaa ulichofutia meza. Mi siku hizi nagongea yai mezani, sehemu bapa, ganda haliingii sana ndani, na baadaye naosha sehemu ileile kwa sabuni.

Maganda nayarudisha kwenye trei mpaka nimalize kupika, sawa?

Tupa moja kwa moja. Trei ya karatasi inanyonya ute, haioshwi, na mayai mazima yaliyobaki yanachafuka, kesho unayashika ukidhani ni masafi. Trei yenyewe usiiweke juu ya meza unayokatia mkate.