Hesabu ya pikipiki yangu

Swali la wiki: "Umerudi kutoka nje na akiba kidogo. Ungeanza na biashara gani?"

Mimi nitasema nisingeanza na ipi: bodaboda ya mkataba. Nilirudi Tanga baada ya miaka 6 ya kazi za ndani Muscat, na akiba yangu ilikuwa milioni 4. Kabla sijafungua mabegi, mjomba alishanitafutia dereva, mwanawe.

Pikipiki mpya na bima vilikula milioni 3. Tulikubaliana hesabu ya 10,000 kwa siku, Jumapili yake, wiki 60, kisha chombo kiwe chake. Matengenezo juu yake. Hatukuandika chochote; ndugu utamwandikisha?

Miezi ya mwanzo hesabu ilifika kabla ya Isha. Kisha zikaanza mvua, trafiki, tairi. Kila nikichungulia kilomita naona namba ileile, nikamhurumia: kijana hapati abiria. Asubuhi moja pikipiki ikagoma kuwaka hapo uani. Fundi wa Makorora akaja, akafungua kijiti cha oili. Kilitoka kikavu, na ncha yake ina tope jeusi. Akainama kwenye gurudumu la mbele, akaniita: "Dada, njoo uone." Waya wa kilomita ulikuwa umechomolewa, umefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi, na mpira wenyewe umeshapauka kwa jua. Maana yake ni wa siku nyingi. Pikipiki ilikuwa inatembea mji mzima, mimi nahesabu haitembei. Binamu yangu alisimama pembeni anakuna shingo. Na ule moshi wa buluu niliouona wiki nzima nilidhani ni baridi ya asubuhi!

Pistoni, ringi na ufundi: 280,000. Nikaiuza 1,500,000.

Nilikaa kuandika haya ili niwakataze, lakini ngoja nipige hesabu, maana sijawahi kuipiga kwa utulivu. Alileta wiki 37, yaani 2,220,000. Ongeza ya kuuzia, toa ya fundi: 3,440,000. Kumbe nilipata faida ya 440,000, na miaka yote hii nasimulia hasara. Vitumbua nilivyoanza baadaye vimenilisha kila siku, lakini sikumbuki mwezi vilioniachia 50,000 ya kuweka.

Basi ningeanza na pikipiki hiyohiyo. Ila dereva asiwe ndugu, mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, kadi nikae nayo mimi, na oili nilipe mwenyewe nikiona inamwagwa. Na milioni 1 iliyobaki isiguswe, kwa sababu injini ikifa hesabu nayo inasimama. Kwa asiye na hiyo ya pembeni, aanze na vitumbua.

Mjomba hajakanyaga kwangu tangu siku ile ya fundi. Hiyo sikuiweka kwenye hesabu.