Beking soda au beking pauda? Angalia kwanza uchachu wa mchanganyiko wako

"Wakuu, jana niliishiwa beking pauda nikaweka beking soda kwa kipimo kilekile: vijiko viwili vya chai kwa vikombe viwili vya unga na kikombe cha maziwa fresh. Keki imetoka na rangi ya kahawia mpaka ndani, inanuka sabuni, hailiki. Nimekosea wapi? Na hii pauda nyingine niliyoikuta nyuma ya kabati nitajuaje kama bado nzima?"

Mkuu, keki yako haikuwa na kitu kichachu cha kuila hiyo soda. Nimeoka keki za kuuza hapa Tanga miaka kumi na moja, na kosa hili niliwahi kulipeleka mpaka mezani kwa mteja, kwa hiyo nalijua harufu yake.

Beking soda ni kitu kimoja tu, bikaboneti ya sodiamu. Ikikutana na maji na kitu kichachu inatoa gesi, na hiyo gesi ndiyo inayoinua keki. Kama hakuna uchachu, joto la oveni litaivunja hivyohivyo na gesi kidogo itatoka, lakini kinachobaki kwenye keki ni kaboneti ya sodiamu, jamaa yuleyule wa magadi ya kufulia. Ndiyo maana ukasikia sabuni. Mabaki hayo pia yanaufanya unga uende manjano na kuiva rangi haraka kuliko kawaida, ndiyo hiyo kahawia uliyoiona.

Beking pauda ni soda hiyohiyo, ila kiwandani wameshaichanganya na tindikali kavu pamoja na wanga wa kuikinga na unyevu. Imekuja na uchachu wake, haidai chochote kwenye maziwa yako. Kwa kuwa ndani yake soda ni sehemu tu, kijiko kimoja cha soda tupu kina nguvu ya vijiko vitatu hadi vinne vya pauda. Wewe uliweka viwili, yaani kama vile umetia pauda vijiko sita mpaka vinane, tena bila kitu cha kuituliza.

Sasa tuchukue hesabu yako hiyohiyo. Vikombe viwili vya unga vinatosheka na nusu kijiko cha chai cha soda, na nusu kijiko hicho kinatulizwa vizuri na kikombe kimoja cha mtindi au maziwa mgando. Kwa hiyo ukibadilisha maziwa fresh ukaweka mtindi, nusu kijiko cha soda kinakutosha kabisa. Kama mtindi huna, toa vijiko viwili vya chakula kwenye kikombe chako cha maziwa, rudishia vijiko viwili vya maji ya limao au siki, koroga, acha dakika tano hadi kumi mpaka maziwa yakatike. Ukibaki na maziwa fresh matupu, basi ni pauda, vijiko viwili vya chai, na soda ikae pembeni.

Tui la nazi linawadanganya wengi huku pwani. Ni zito kama mtindi, lakini halina uchachu wa kuendesha soda, kwa hiyo keki ya tui ni ya pauda. Ndizi mbivu, asali na sukari guru zina uchachu kidogo. Keki ya ndizi mimi huwa naipa robo kijiko cha soda na kijiko kimoja cha pauda, kwa sababu siwezi kuzitegemea ndizi peke yake.

Kama huna hakika na kiungo, kiulize chenyewe. Chukua kijiko cha mtindi wako kwenye kisahani, nyunyizia soda kidogo sana kwa ncha ya kisu, koroga, kisha angalia kwa karibu. Mtindi uliochacha sawasawa utavimba na kujaa vitobo vidogovidogo kama sifongo. Ule wa dukani wenye sukari nyingi na uchachu hafifu utavimba kidogo tu, na hapo mimi hupunguza soda mpaka robo kijiko na kujazia pauda kijiko kimoja.

Upande wa pili wa kosa nao upo. Mwanzoni nilikuwa naogopa soda, keki ya mtindi naitia pauda tupu. Iliumuka, lakini ilibaki na uchachu mdomoni na rangi ya kupauka hata baada ya kuiva, kwa sababu uchachu haukupata wa kuutuliza na wenyewe huzuia keki kushika rangi.

Kingine, soda haingoji. Ikishagusa mtindi gesi imeanza kutoka palepale, na ukizubaa inaishia kwenye bakuli. Kama unaoka kwa sufuria na mkaa, washa mkaa na upashe sufuria kwanza, ndipo uchanganye vitu vya majimaji na unga. Pauda nyingi za madukani hufanya kazi mara mbili, sehemu ikilowana na sehemu ikipata joto, kwa hiyo zinakuvumilia kidogo zaidi.

Kuhusu hiyo pauda ya kabatini, chemsha maji, mimina nusu kikombe, tia nusu kijiko cha chai cha pauda. Nzima inafoka mara moja, povu linapanda na unasikia mchiriziko. Ikizama chini kimya, au ikatoa vipovu vichache pembezoni halafu basi, imekwisha. Usiijaribu kwa siki. Siki inaamsha soda iliyobaki ndani ya pauda hata kama tindikali yake imeshaharibika, utaona povu ukafurahi, kisha keki ikalala. Niliwahi kununua pauda ya kupimiwa kwenye vifuko dukani, kwenye siki ilifoka vizuri, kwenye maji ya moto ikanyamaza. Keki tatu za kipaimara zilikuwa zimeshaingia hasara kabla sijaelewa.

Soda ndiyo inayojaribiwa kwa siki au limao: robo kijiko cha chai kwenye kijiko kimoja cha chakula cha siki, na inatakiwa ifoke kwa nguvu papo hapo. Tofauti hii inakusaidia pia ukiwa na kopo lisilo na lebo. Unga unaofoka kwenye maji ya moto ni pauda. Unaokaa karibu kimya kwenye maji ya moto lakini ukalipuka kwenye siki ni soda.

Na magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage, usiyaingize kwenye keki kwa kuwa tu watu wanayaita soda. Ni makali kuliko beking soda na yatakurudisha kwenye sabuni ileile.

Kinachoua pauda huku kwetu ni unyevu kuliko tarehe ya kwenye kopo. Kijiko kibichi, au kopo kukaa wazi juu ya jiko mvuke ukipanda, unyevu huo unatosha kuianzisha kazi ndani ya kopo, na gesi ikitoka hairudi. Mimi yangu naihamishia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, naiweka kabati la mbali na jiko, na kila nikipata oda kubwa naipima kwa maji ya moto kabla sijavunja yai hata moja.

Hiyo keki ya jana haiokoleki mkuu, hata ukiipaka krimu harufu itabaki. Rudia na mtindi na nusu kijiko cha soda, halafu utuletee picha ya kipande kilichokatwa ili tuone vitobo vyake.